Boti ni ghali, basi visiwani tukate sampuli?

"Tunapima matumizi ya kaya wilaya ya kando ya ziwa, kuna mji, vijiji vya barabarani na visiwa. Boti inakula hela sana. Tugawe sampuli kwa idadi ya kaya au tufuate fomula?"

Mi nipo upande wa fomula, ila siyo moja kwa moja. Mwanatakwimu Jerzy Neyman mwaka 1934 alionyesha kwamba tabaka, yaani kundi kama mji, vijiji au visiwa, likiwa na mtawanyiko mkubwa lipewe watu wengi zaidi, na gharama zikitofautiana unaongeza kipande kimoja tu:

```
n_h ∝ N_h * S_h / sqrt(c_h)
```

N_h ni kaya za tabaka, S_h ni mtawanyiko wake, c_h ni gharama ya kuhoji kaya moja. Angalia hiyo sqrt, hapo ndo wengi wanateleza. Kaya ya kisiwani ikikugharimu mara 4 ya kaya ya mjini, sampuli inapungua nusu tu, hairudi robo. Kwa hiyo anayekata visiwa kwa kuangalia bei ya mafuta peke yake anakata kupita kiasi.

Tuchukue namba za mfano. Kaya 100,000: mjini 30,000, vijijini 60,000, visiwani 10,000. Mtawanyiko wa matumizi ya mwezi kwa kila mtu ni elfu 60 mjini (matajiri na masikini wamechanganyika mtaa mmoja), elfu 20 vijijini, elfu 40 visiwani. Kuhoji kaya moja ni shilingi 9,000, 16,000 na 64,000. Hela mfukoni milioni 13.4.

Ukigawa kwa idadi ya kaya unapata 215 mjini, 430 vijijini, 71 visiwani, na kosa sanifu la wastani wa wilaya, yaani kiasi ambacho makadirio hupotoka kwa kawaida, linakuwa kama shilingi 1,440. Fomula inatoa 600, 300 na 50, hela ileile, kosa linashuka mpaka 1,160 hivi. Kuufikia usahihi huo kwa mgao wa idadi ungehitaji bajeti kubwa zaidi kwa nusu nzima, yaani kama milioni 20.7. Hiyo siyo tofauti ya kupuuza hata kidogo.

Sasa upande wa pili, na una nguvu kuliko watu wa fomula wanavyokubali. S_h umeitoa wapi? Mara nyingi ni utafiti wa zamani au majaribio ya kaya 30, na kaya 30 ukikosa wafanyabiashara wawili wakubwa mtawanyiko unaonekana mdogo kabisa. Nimejaribu kuharibu namba makusudi nione. Mtawanyiko wa mjini ukiwa kweli elfu 30 badala ya 60, mipango miwili inatoka sare. Wa visiwani ukiwa 120 badala ya 40 (mavuno ya dagaa yanaweza kufanya hivyo, mwezi wa neema na mwezi wa njaa), sare tena. Kwangu mimi hiyo inatia moyo, maana inabidi ukosee mara mbili au tatu ndo faida yote iishe, lakini makosa ya ukubwa huo yapo, so majaribio yafanyike vizuri na visiwani pia, siyo mjini tu kwa sababu ni karibu na ofisi.

Kinachonisumbua zaidi ni hizo kaya 50. Fomula inajali wastani wa wilaya nzima tu. Mkurugenzi akiuliza hali ya visiwani ikoje peke yake, unamjibu kwa kosa la elfu 5.7, yaani ukilizidisha mara mbili kama ilivyo kawaida, kujumlisha au kutoa elfu 11, na kama matumizi yao ni elfu 45 hapo hujamwambia kitu. Halafu c_h yenyewe inadanganya kidogo: boti ikishafika kisiwani, kaya ya sita haigharimu kama ya kwanza, mafuta yameshaungua.

Ndo maana ningeweka sakafu: visiwani 100 lazima, hela iliyobaki igawe kwa fomula, mjini 411 na vijijini 206. Kosa la wilaya linakuwa kama 1,280, bado bora kuliko mgao wa idadi, na visiwani linashuka hadi elfu 4. Ukiwa na dodoso lenye mambo mengi, afya, shule, matumizi, kila swali lina S_h yake, so piga hesabu kwa yale mawili matatu makuu uone mgao upi hauumizi lolote sana.

Na tafadhali, kila tabaka lirudishiwe uzito wake kwenye uchambuzi. Kwenye mpango huu watu wa mjini ni 411 kati ya 717, zaidi ya nusu ya data, wakati wao ni asilimia 30 ya wilaya. Ukichukua wastani wa kawaida wa safu nzima, wilaya yote itaonekana inaishi kama mjini. Namna ya kugundua ni rahisi: hesabu wastani mara mbili, wenye uzito na usio na uzito, zikiachana sana rudi kwenye ripoti uangalie ipi iliandikwa.