Bei moja au awamu mbili? Ada ya kukagua nyumba za Mji Mkongwe

Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, akiomba ukaguzi kutoka ofisi ndogo ya watu wawili au watatu, swali lake la kwanza huwa moja: itanigharimu kiasi gani mpaka mwisho? Swali ni la haki. Ugumu ni kwamba nyumba yenyewe haionyeshi kila kitu siku ya kwanza. Ndiyo maana wengine hutoza bei moja kwa kazi yote, na wengine huigawa awamu mbili: kwanza kutazama, kisha kufungua kuta.

Sakafu nyingi za mji ule zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba, upana wa mita 3 au karibu na hapo. Boriti ikianza kuharibika, mara nyingi huanza kwenye kichwa chake, pale kilipoingia ndani ya ukuta wa mawe na chokaa. Hapo unyevu hukaa na mchwa hupata njia. Katikati ya chumba unaweza kuigonga ukasikia mlio mkavu, mzima, kumbe kichwa kimekuwa unga. Dalili zipo, kama sakafu iliyobonyea kando ya ukuta au ufa unaofuata mstari wa sakafu, lakini hakika hupatikana kwa kubandua lipu na kuchoma mti kwa ncha ya chuma.

Tuchukue nyumba ya ghorofa mbili yenye vyumba 12, na tuseme siku ya mtaalamu ni shilingi 300,000 na ya msaidizi 100,000. Upimaji wa siku 3 kwa wote wawili ni 1,200,000. Michoro, siku 4 za msaidizi, ni 400,000. Ukaguzi wa chumba kwa chumba, siku 2 kwa wote wawili, ni 800,000. Ripoti, siku 4 za mtaalamu, ni 1,200,000. Jumla ni 3,600,000, na bado hakuna lipu iliyobanduliwa.

Wanaotetea bei moja wana hoja nzito. Nyumba nyingi ni za warithi, na kuwachangisha ndugu 7 mara moja tu ni kazi. Wakiambiwa kuna awamu ya pili, wanahisi wametegewa. Mfadhili naye huidhinisha kiasi kimoja, na kurudi kwake kuomba nyongeza huweza kuchukua miezi.

Lakini tazama bei hiyo inavyomsukuma mkaguzi. Kila tundu analofungua kwenye lipu kutazama kichwa cha boriti linakula faida yake. Palipohitaji matundu 8 atafungua 2, kisha ataandika kwamba boriti “zinaonekana” kuwa salama. Hata mtu mwaminifu huelemewa na hesabu ya namna hii pesa zikikaribia kwisha. Akijihami kwa kupandisha bei mapema, mwenye nyumba ambayo boriti zake ni nzima atalipia hofu ya mkaguzi.

Awamu mbili zinaondoa msukumo huo, ila zina kasoro yake: ripoti ya kwanza huweza kugeuka tangazo la kuuza ya pili, na wengi huishia ya kwanza wakidhani nyumba imeshakaguliwa.

Kwa maoni yangu, pendekezo zuri ni moja lenye kikomo. Ada ya 3,600,000 ibaki thabiti. Kando yake iwekwe bei ya kila tundu, tuseme 120,000, ikiwa na fundi, muda wa mkaguzi na kuziba kwa chokaa, si saruji, maana saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta. Matundu yasizidi 10. Mwenye nyumba anajua tangu mwanzo kwamba ada na matundu havitazidi 4,800,000. Yakitosha 6, anabaki na 480,000 zake. Iandikwe pia nani ataomba ruhusa ya kufungua kutoka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa sababu jambo hilo lisipokuwa na mwenyewe hukwamisha kazi.

Kinachobaki ni yale yasiyokaguliwa, na hapa ofisi ndogo nyingi hukosea. Sentensi ya jumla kwamba “sehemu zilizofichika hazikukaguliwa” inamlinda mkaguzi lakini haimwambii mwenye nyumba chochote. Ripoti itaje: chumba cha mpangaji ghorofa ya kwanza kilikuwa kimefungwa, dari ya mbao ya ukumbi haikufunguliwa, paa la chokaa chini ya mabati halikufikiwa. Pendekezo nalo liseme ada inagharimia ziara moja ya kurudia vyumba vilivyofungwa, na nyingine itakuwa 400,000, yaani siku moja ya watu wawili. Mwenye nyumba akilijua hilo mapema, atatafuta funguo mwenyewe.

Bei moja isiyo na nyongeza ningeikubali mahali pamoja tu: nyumba tupu, milango yote wazi, lipu imeshabanduliwa na vichwa vya boriti vinaonekana.