Ukishusha taa huoni? Basi punguza mwendo

"Nikishusha taa sioni, mama."

Hilo ndilo jibu alilopewa mama mmoja mtu mzima niliyekuwa naye kwenye gari dogo la kukodi, usiku, tukitoka Morogoro kuelekea Chalinze. Alikuwa amekaa mbele, mikono yote miwili imeshika mkanda, akamwambia dereva kwa upole: "Mwanangu, mpunguzie mwenzio taa, si unaona anakukonyeza?" Kijana hakupunguza. Lori lililokuwa linakuja likatuwashia fulu mara mbili, lilipoona hatusikii likaiacha ikiwaka kabisa. Tukapishana hivyo hivyo, sisi tukiwa kwenye mwendo wa 100, hakuna aliyemwona mwenzake wala chochote kilichokuwa kati yetu.

Lile jibu limenikera mpaka leo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukishusha taa, kweli huoni mbali. Lakini kutokana na ukweli huo yule kijana alichagua kumpofusha mwenzake, wakati jambo la kufanya lilikuwa chini ya mguu wake wa kulia.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka taa za fulu zimulike angalau mita 100 na za dimu, yaani zilizoshushwa, angalau mita 40. Unataka pia fulu izimwe unapokaribia kupishana na gari lingine, na vilevile unapomfuata mtu kwa karibu, maana fulu yako inampiga kupitia vioo vyake. Mita 40 si nyingi, na zimewekwa fupi makusudi. Taa ya dimu ina mstari wa juu ambao mwanga mkali hauruhusiwi kuuvuka, na mstari huo umeinamishwa kidogo kuelekea chini, kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 1 ya mbele.

Chukua gari dogo la kawaida ambalo taa zake ziko sentimita 65 kutoka ardhini. Mita 10 mbele ya gari, mstari ule uko sentimita 55 juu ya lami. Mita 30 mbele uko sentimita 35, chini ya magoti ya mtu mzima. Mita 45 mbele umebaki sentimita 20. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama barabarani mita 45 mbele yako, kinachomulikwa sawasawa na dimu yako ni viatu vyake na vifundo vya miguu. Kiuno, kifua na kichwa bado viko gizani, vinapata mwanga hafifu tu unaovuja juu ya mstari.

Sasa weka mwendo. Dereva aliye macho, asiyechoka, huchukua kama sekunde 1.5 tangu aone kitu mpaka breki ianze kushika. Kwenye mwendo wa 60, gari hutembea mita 25 ndani ya muda huo, halafu kwenye lami kavu na matairi mazuri linahitaji mita nyingine 20 kusimama. Jumla ni mita 45, yaani unasimama palepale ulipoona viatu. Kwenye mwendo wa 80, mita 33 zinaisha kabla breki haijaanza, na zile 12 zilizobaki hazitoshi: unamfikia yule mtu ukiwa bado na mwendo wa kama 65. Kwenye 100, mita 42 zinaisha kabla ya breki. Umebakiwa na mita 3, ambazo hazikusaidii kitu. Na hapo sijaweka mvua, sijaweka matairi yaliyoisha, sijaweka dereva aliyetoka kazini mchana na sasa yuko safari ya usiku.

Kwa hiyo kijana yule alipokuwa kwenye 100, dimu isingemtosha, ni sahihi. Kwenye 60 ingemtosha, tena kwa shida. Hakuna aliyemwambia hivyo alipokuwa anajifunza udereva, na hili linanihuzunisha zaidi kuliko linavyonikasirisha. Tunafundishwa kubadili gia, kurudi nyuma kati ya vijiti, kusoma alama. Kwamba kila taa ina mwendo wake, wengi wetu tunakuja kujua baada ya kukutana na punda.

Atakayesema kwamba fulu ingewasaidia wote wawili kuona, hajui kinachotokea ndani ya jicho. Usiku jicho halioni kitu kwa sababu tu kimefikiwa na mwanga. Linaona tofauti kati ya kitu na kilicho nyuma yake. Suruali nyeusi juu ya lami nyeusi, nyuma yake giza, tofauti hiyo ni ndogo sana hata bila mtu wa kukumulika. Mwanga nao hupungua haraka kwa umbali: kitu kikiwa mbali mara mbili, mwanga unaokifikia unabaki robo. Juu ya hayo, kwenye mwanga hafifu jicho lenyewe hupoteza ukali wake, na vitu vidogo vilivyo mbali havikai wazi kama mchana.

Halafu inakuja fulu ya mwenzako. Mwanga ule mkali haukai sehemu moja ndani ya jicho. Ukipita kwenye lenzi, sehemu yake hutawanyika na kufunika picha yote kama pazia jeupe jepesi. Taa ya lori unaiona vizuri sana, lakini ile tofauti ndogo kati ya suruali nyeusi na lami nyeusi imemezwa. Kioo cha mbele chenye vumbi na mikwaruzo ya waipa huongeza pazia la pili nje ya jicho. Na kadiri mtu anavyozeeka lenzi ya jicho hupoteza uangavu, ndiyo maana wazee wanaumizwa na taa kuliko vijana. Mama yule wa mbele alikuwa amefumba macho kabisa. Dereva alidhani anasinzia.

Aliye hatarini kuliko wote hapo ni mtu wa tatu, anayevuka au anayesukuma baiskeli kati ya magari mawili yanayopishana. Kila dereva anamulikwa kutoka nyuma ya mtu huyo, na kila mmoja anamkosa. Yeye mwenyewe amesimama katikati ya mwanga mwingi kiasi kwamba hawezi kuamini haonekani. Magari yakishapishana bado macho yanahitaji sekunde kadhaa kurudi sawa. Sekunde 3 tu kwenye mwendo wa 80 ni mita 67 za kuendesha bila kuona.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na tabia ya kulipiza. Kumkonyeza mara moja ni sawa, pengine amesahau. Akikataa, ukimwachia na wewe fulu umefanya vipofu wawili waelekeane badala ya mmoja. Nimesikia madereva wa siku nyingi wakisema ndiyo njia pekee ya kuwafundisha, na nakiri kwamba wapo wasioelewa lugha nyingine. Lakini somo hilo analilipia yule mwenye baiskeli.

Kinachofaa ni hiki. Ukiona taa za mwenzako kwenye nyoofu, shusha mapema kabla hujaanza kumwumiza, na mguu uachie mafuta wakati huohuo, kwa sababu kuanzia sasa unaona mita 40 hivi tu. Usimtazame. Peleka macho kwenye mstari wa pembeni upande wako wa kushoto. Pazia lile la ndani ya jicho ni zito zaidi kadiri taa inavyokaribia mstari wa kutazama kwako, na ukiongeza pembe kati ya taa na mstari huo mara mbili, pazia linapungua karibu hadi robo. Pua za magari zikishapita, rudisha fulu mara moja. Wapo wanaosahau kuirudisha na kutembea na dimu kwenye pori tupu kwa mwendo uleule; hao nao wanaendesha bila kuona, ila hawajisikii.

Kuna jambo moja la dimu ambalo wengi hawalijui, na linahusu upande wa kulia. Kwa sisi tunaopita kushoto, dimu imetengenezwa ipande kidogo upande wa kushoto ili imulike ukingo na watembea kwa miguu, na ibaki chini upande wa kulia ili isimpige anayekuja. Hivyo anayeingia barabarani kutoka kulia anatokea mahali ambapo taa yako ni fupi zaidi, na mara nyingi ndiko zinakotoka taa zinazokuumiza. Karibu na vituo, minada na vijiji vilivyojipanga kando ya lami, macho yaende kulia kabla ya mwendo kukutangulia. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi, dimu yake inapanda kulia. Kwetu linakupiga machoni hata dereva wake akiwa amefuata sheria.

Kwa wanaotembea usiku, kitambaa kinachoakisi kifungwe pia miguuni, karibu na vifundo. Nimeshaeleza dimu inamulika wapi kwanza. Tena miguu inayotembea hutambulika haraka kuwa ni mtu.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, tochi za trafiki zimezungumzwa sana. Taa zenyewe sijaona zikipimwa barabarani hata mara moja, ingawa kuzipima hakuhitaji mashine. Egesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo kamili. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ukutani kwa urefu huohuo, kisha washa dimu. Mstari wa mwanga unatakiwa uwe kama sentimita 10 chini ya alama. Ukiwa sawasawa na alama, mwanga wako hautui barabarani kamwe, unaenda moja kwa moja kwenye macho ya watu. Ukipakia mizigo nyuma, pua inainuka na mstari unapanda nayo; kigurudumu kidogo chenye namba 0 mpaka 3 karibu na usukani kimewekwa kwa ajili hiyo.

Ukiwasha ukaona ukutani hakuna mstari wowote, ni mwanga umetapakaa tu, angalia balbu. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Taa yote imechongwa kufuata mahali uzi ule ulipo. Hizi balbu za LED za kuchomeka zinazouzwa kila duka la spea, nyingi hazitoi mwanga kutoka mahali palepale, hivyo mwenye gari anaona mbele kumekuwa kweupe na kufurahi, huku dimu yake imeshakuwa fulu kwa kila anayekutana naye. Fundi hawezi kuirekebisha kwa skrubu za taa, maana hakuna mstari wa kushusha. Itolewe, irudishwe halojeni ya wati 60/55, halafu apime tena ukutani.