Ukiahirisha mafunzo, usikalie ada za watu

Kuna sentensi moja inayoharibu karibu kila tangazo la kuahirisha mafunzo: "Ada yako itatumika katika tarehe mpya itakayotangazwa baadaye." Anayeiandika huona ametuliza mambo. Anayeisoma huelewa kwamba pesa yake imeshikwa na hajui ni mpaka lini. Msimamo wangu ni kwamba bila tarehe kamili huna unachoweza kumwomba mtu ahamishie ada yake. Mrudishie tu, na tarehe ikipatikana mwalike upya.

Tuchukue mafunzo ya uhasibu ya siku 2, yanayoanza Alhamisi saa 3 asubuhi. Jumanne saa 9 alasiri mkufunzi anapiga simu kwamba anaumwa, na hakuna wa kuchukua nafasi yake. Waliojiandikisha ni 34: 20 wamejilipia, 9 wamelipiwa na waajiri wao, 5 wametoa nusu ya ada. Sita wanatoka mbali na huenda wengine wanapanda basi usiku huohuo.

Hao sita wapigiwe simu kwanza, kabla hujagusa barua pepe. Wote 34 wapate ujumbe mfupi wenye lile tu linalowazuia kutoka nyumbani:

"Mafunzo ya uhasibu ya Alhamisi na Ijumaa hayapo. Usisafiri. Mkufunzi anaumwa. Maelezo ya ada na tarehe mpya yatafika kwa barua pepe leo kabla ya saa 12 jioni."

Hapo pana alama 158, pamoja na nafasi, na ujumbe mmoja wa simu hubeba 160. Ukiandika neno lenye ng' kwa kutumia kile kibainishi kilichopinda kinachowekwa na programu za kuandikia, badala ya kilichonyooka, kikomo kinashuka hadi 70 na ujumbe huohuo unalipiwa mara tatu. Ugonjwa wenyewe usiutaje. Ni siri ya mkufunzi.

Saa tatu ulizojipa ni za kutafuta tarehe. Tarehe haijawa tarehe mpaka mkufunzi na mwenye ukumbi wote wawili wamekubali kwa maandishi. Nimeona waandaaji wakitangaza siku kwa sababu mkufunzi alisema "nadhani nitakuwa nimepona", kisha wakaahirisha mara ya pili, na hapo hata waliokuwa wavumilivu wakadai chao. Saa 12 ikifika bila uhakika, tuma barua ya kurejesha ada na useme wazi kwamba tarehe haipo.

Ikipatikana, barua iwe na tarehe pamoja na siku ya juma, saa na ukumbi, halafu chaguo mbili: kuhamia tarehe mpya bila kuongeza chochote, au kurudishiwa ada yote. Weka siku ya mwisho ya kujibu. Siku 7 zinatosha. Lakini asiyejibu ahesabiwe kwamba anataka pesa yake. Wengi hufanya kinyume, wakichukua kimya kuwa ridhaa, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Kifungu cha fomu kinachosema "ada hairudishwi zikibaki siku 14" usikitumie hapa. Kiliwekwa kwa ajili ya mshiriki anayejitoa mwenyewe, na safari hii aliyejitoa ni wewe. Kwa sababu hiyohiyo gharama za kutuma pesa ni zako: aliyelipa ada kamili apokee ada kamili, na wale 5 wapokee nusu yao bila makato.

Wale 9 ndio hukosewa zaidi. Pesa irudi kwa mwajiri aliyelipa, kwa akaunti ileile iliyotoka, na ankara ifutwe kwa hati rasmi ili mhasibu wao aweze kufunga hesabu. Ukimtumia mshiriki mkononi, umemwachia mzigo wa kujieleza kazini. Waliolipa kwa kadi warudishiwe kwa kubatilisha muamala uleule, na waambiwe kwamba benki yao inaweza kuchukua siku kadhaa kuuonyesha, wasije wakadhani hujatuma.

Nauli na vyumba vya kulala usivipite kimya. Kama utalipa, taja kikomo na uombe stakabadhi. Kama hulipi, sema hulipi. Kwa maoni yangu, aliyekwisha kata tiketi kabla ya ujumbe wako anastahili kulipwa.

Bado kuna mashine. Funga fomu ya kujiandikisha, la sivyo mtu wa 35 atalipia Jumatano. Mwaliko wa kalenda ubadilishe uleule uliotuma mwanzoni. Ukitengeneza mwingine mpya, wa zamani unabaki kwenye simu za watu. Na zima ule ujumbe wa kukumbusha uliouweka wiki mbili nyuma, maana Jumatano jioni utajituma wenyewe kwa wote 34: "Tunakusubiri kesho saa 3 kamili!"