Nimeomba Kazi Yangu Mwenyewe

Yule dada wa wakala wa ajira nilikuwa nimemkataa ofa ikiwa mezani. Usaili nimefanya, nimepita, mshahara tumeshakubaliana, halafu kampuni nyingine ikaniita na mimi nikaenda huko. Ukijua wakala wanavyolipwa, utaelewa kwa nini nilikuwa namkwepa. Kwa kawaida wanapata asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu waliyempeleka, na hawaoni kitu mpaka mtu huyo aripoti kazini. Kwa hiyo kwangu mimi aliambulia "asante kwa juhudi zako" tu.

Miezi ikapita. Huko nilikohamia, bosi aliyeniajiri akaondoka na ahadi zake zote, akaja bosi mpya ambaye salamu yake ni "hii kwa nini iko hivi?" Mimi nasimamia mali ghalani, na ghalani kila kitu kina sababu ya kuwa hivyo kilivyo, ila sababu zenyewe ziko kichwani mwangu. Nikaona niondoke mapema.

Barua ya kwanza niliyomwandikia yule dada ilikuwa ndefu, imejaa "najua nilikukosea" na "kama moyo wako utaridhia". Binamu yangu akaisoma, akaniuliza naomba kazi au namrudia mchumba niliyemwacha siku ya kutoa posa. Akaikata yote. Tukafungua ile barua pepe ya zamani, tukajibu humo humo ili mazungumzo yetu ya mwanzo yabaki chini yake, asianze kujiuliza mimi ni nani. Nikaandika nafasi niliyoikataa ilikuwa ipi, kwamba nilikwenda kwingine, kwamba sasa mambo yamebadilika, ninatafuta usimamizi wa mali wa ngazi ile ile au zaidi, na naweza kuanza baada ya notisi ya mwezi mmoja. Sentensi nne hivi. Binamu hakuruhusu hata "samahani" moja.

Akajibu siku ile ile, tena kwa furaha. Nilidhani ana moyo wa malaika, kumbe ni hesabu tu. Mtu aliyekwishafika kwenye ofa amekwishachujwa. Wadhamini wake wamepigiwa simu, tabia yake kwenye usaili inajulikana, wakala hana kazi kubwa ya kumpeleka mbele tena. Hata kwenye mfumo wao alikuta maelezo aliyoandika mwenyewe siku ile, akanisomea kwenye simu: "Amekataa ofa, amepata kwingine, alituarifu mapema, ana adabu." Nikajiona mtu mkubwa.

Kisha akauliza, "Na sasa upo wapi, kaka?"

"Nipo nipo tu, dada."

Mwenzenu nilikuwa na sababu. Mtu aliyekaa mahali muda mfupi hivi anaonekana kama mruka-ruka, na sikutaka hilo liwe neno la kwanza. Akaniuliza kama wasifu wangu umebadilika, nikamwambia atumie ule ule alionao, mpya ningemtumia baadaye. Ule wa zamani, bila shaka, ulikuwa unaishia kwa mwajiri niliyemwacha kabla ya kuja hapa.

Akasema ana nafasi moja ambayo ni kama imeshonwa kwa vipimo vyangu. Akanitumia maelezo ya kazi yenye muhuri wa siri, jina la kampuni halipo. Nikasoma. Kusimamia mali ghalani, kuhesabu mwisho wa mwezi, kuandika ripoti za upungufu. Nikasema hii naiweza nikiwa usingizini. Mshahara ulikuwa juu ya wangu. Palikuwa na kipengele kimoja kilichonigusa: "Awe na uwezo wa kunyoosha kumbukumbu zilizoachwa bila mpangilio." Nikawaonea huruma. Huyo aliyewavurugia kumbukumbu namna hiyo ni nani, jamani?

Dada akaniambia jina la kampuni atanipa wakishaonyesha nia, je, anaruhusiwa kupeleka wasifu? Nikajibu: "Tuma." Na kwa kuwa nilikuwa nimechangamka, nikamwongezea aya nzima kuhusu bosi wangu wa sasa, jinsi asivyojua ghala linaendaje.

Sasa, wakala wengi wakipeleka wasifu mara ya kwanza wanaficha jina na namba ya simu, ili mteja asimpigie mwombaji moja kwa moja na kuwakwepa wao. Huyu dada alikuwa mwangalifu zaidi, hata majina ya waajiri wa zamani aliyafuta, akaandika "kampuni ya usambazaji". Aliyekwenda mbele ya mteja alikuwa mtu asiye na jina, mwenye miaka mingi ghalani na sifa tupu.

Alinipigia nikiwa kazini. Nikatoka kwenye ngazi.

"Kaka, wamekupenda! Meneja kasema hajaona mtu kama wewe. Anasema wewe ndiye hasa anayemtaka, siyo huyu aliyenaye."

Nikacheka kwa madaha. "Masikini, huyo aliyenaye bado yupo?"

"Yupo, ndiyo maana nafasi ni ya siri. Hawajamwambia."

Nikatikisa kichwa. Watu hawana huruma. Akasema usaili ni keshokutwa saa nne, akanitajia kampuni, jengo, na ghorofa.

Niliangalia ukutani. Kibao cha ghorofa hiyo hiyo kilikuwa juu ya kichwa changu.

"Dada," nikasema, "huyo aliyenaye ni mimi."

Akanyamaza. Nikasikia vidole vinagonga kibodi, halafu vikaacha. "Si ulisema upo upo tu?"

Ndipo nikaelimishwa, kwa sauti ya chini kabisa. Kampuni yetu ilikuwa mteja wao mpya, na mkataba wao na mteja unawakataza kuchukua wafanyakazi wake. Yaani kwa kosa la kuajiriwa hapa, hakuruhusiwa kunitafutia kazi popote. Mimi ndiye niliyemfuata, lakini akasema hayo aeleze nani kwa mteja. Hakuweza pia kumwambia meneja mwombaji ni nani bila idhini yangu, na hiyo idhini, wallahi, sikuitoa. Nikamwomba tu ile aya ya bosi asiyejua ghala aifute. Akasema ameshaifuta, ila kwanza alicheka.

Kilichobaki kilikuwa kuniondoa kwenye orodha. Mfumo wao haukubali mwombaji ajitoe bila sababu, na sababu zinachaguliwa kwenye orodha iliyopangwa tayari: mshahara, umbali, ofa nyingine. Alisita kwenye "umbali". Mwishowe akachagua "nyinginezo".

Mchana ule bosi alipita mbele ya meza yangu kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza, "Vipi mkuu, kuna tatizo?"

"Watu hawaaminiki," akasema, akaenda zake.

Jioni nikampigia tena yule dada, safari hii nikiwa na wasifu mpya wenye kila kitu ndani, muda mfupi na yote. Akaupokea, akasema nimefanya vyema, ila hawezi kuugusa mpaka nisiwe mfanyakazi wa mteja wake.

"Kwa hiyo nikutafute lini, dada?"

Akavuta pumzi. "Kaka yangu, hilo nalo ni siri ya mteja. Ila usizime simu mwisho wa mwezi."