Ule Mduara Mweupe Si Mayelini

Mpwa wangu anasomea utabibu hapa Unguja. Juzi kaja nyumbani na karatasi ya mtihani wa vitendo, kavimba kwa hasira. Walitegewa slaidi ya neva iliyokatwa kwa kukingama, rangi hematoksilini na eosini, wakaulizwa: onesha mayelini, ile ala ya mafuta inayozunguka uzi wa neva, kisha onesha kifundo cha Ranvier, pale ala hiyo inapokatika kidogo. Yeye akaandika kwamba mayelini haipo, limebaki pengo lake tu, na kifundo hakionekani kwa mkato huu. Kapewa sifuri mbili. "Mjomba, nimekosea wapi?" Hujakosea, mwanangu. Aliyetunga swali ndiye wa kuulizwa.

Mimi kazi yangu ni kukata tishu, kwa hiyo nianzie pale kipande cha neva kinapotoka kwenye formalini. Kinapitishwa kwenye alkoholi ya nguvu mbalimbali kutoa maji, kisha zailini, ndipo kinalowekwa kwenye nta ya parafini ya moto. Sasa mayelini ni nini? Ni utando wa seli ya Schwann, seli msaidizi ya neva, uliojizungusha tabaka kwa tabaka kwenye aksoni, yaani mkia mrefu wa seli ya neva unaobeba ishara, na asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake mkavu ni mafuta. Alkoholi na zailini zinayeyusha mafuta. Mpaka slaidi ifike kwenye hadubini, mafuta yote yameshakwenda na maji. Kuitafuta mayelini hapo ni kutafuta samli kwenye kikaango kilichokwisha kusuguliwa kwa sabuni.

Kinachobaki ni kizuri, ukijua unatazama nini. Kila uzi ni nukta ya waridi, nayo ndiyo aksoni, mara nyingi imesinyaa na kukaa upande. Imezungukwa na weupe, na ndani ya weupe huo, ukikaza jicho, utaona vijinyuzi hafifu vya protini ambavyo zailini haikuviweza. Hapa na pale, ukingoni mwa mduara, kuna kiini cha seli ya Schwann kimejikunja. Sasa chukua neva hiyohiyo uipitishe kwenye osmiamu tetroksidi kwanza. Mafuta yanashikwa, yanageuka meusi, na picha inapinduka: pete nyeusi tititi, aksoni katikati imepauka. Hapo ndipo mwanafunzi anaweza kusema mayelini hii hapa, hata akaipima. Uzi wenye upana wa mikromita 10, aksoni yake huwa kama 6 au 7, na iliyobaki ni pete. Pete ikiwa nyembamba mno kwa aksoni nene, unaanza kushuku kwamba mayelini ilibomoka ikajengwa upya. Kwenye ule weupe wa parafini huwezi kupima hivyo kwa uhakika, kwa sababu kila kitu kimesinyaa.

Haya, nakubali, osmiamu ni ghali na mvuke wake unaumiza macho. Si kila chuo kitakuwa nayo. Lakini kuandika "pengo lililoachwa na mayelini" kunagharimu wino tu.

La kifundo ndilo lililonichoma zaidi. Kifundo ni pengo la kama mikromita 1 kati ya seli moja ya Schwann na inayofuata, na kwenye nyuzi nene pengo jingine unalikuta karibu milimita 1 mbele, yaani mikromita 1,000. Kisu changu kinakata unene wa mikromita 5. Piga hesabu: katika nyuzi elfu kama hizo, labda sita ndizo kisu kitapitia kwenye kifundo. Na hao sita utawajuaje? Kifundo chenyewe ni chembamba kuliko kipande nilichokata, kwa hiyo juu yake au chini yake bado kuna mayelini inayokifunika. Ukibahatika kikatokea peke yake, utaona aksoni isiyo na pete, na kwenye neva hiyohiyo zimejaa nyuzi ndogo ambazo tangu asili hazina pete. Ati onesha kifundo! Aoneshe kipi?

Ranvier mwenyewe, yule mtaalamu wa tishu wa Ufaransa, miaka ya 1870 alivisoma kwenye nyuzi zilizochambuliwa moja moja na kulazwa kwa urefu. Ndivyo mpaka leo: loweka neva ya paja la chura kwenye osmiamu, kisha uichambue kwa sindano, uone mstari mweusi, ghafla umebanwa, ukakatika, kisha ukaendelea. Hata mkato wa urefu wa kawaida utakupa kimoja viwili tu ukivumilia, maana neva hupinda kama mawimbi na uzi hutoka nje ya kipande kabla hujaufuata mbali.

Kwenye mkato wa kukingama yapo ya kuuliza tele. Perinuriamu, kwa mfano, zile seli bapa zilizopangana tabaka kuzunguka kila fungu la nyuzi. Ipo, inaonekana, na ndiyo inayomsaidia mtu kuitambua neva asiichanganye na kano. Kwenye karatasi ya mpwa wangu haikutajwa kabisa.

Nimemwambia akate rufaa, na slaidi aibebe.