Wastani wa usiku haujui umeamkaje

Jumatano moja alfajiri, binti mmoja wa kikundi chetu cha mbio hapa Dar alinitumia picha ya skrini ya saa yake. HRV ya usiku, yaani kipimo cha jinsi mapengo kati ya mapigo ya moyo yanavyobadilikabadilika, ilikuwa 29, na kawaida yake ni 44 hivi. Chini ya namba, saa ilikuwa imemshauri apumzike. "Kocha, leo nisije?"

Nilimuuliza kwanza jana alikula saa ngapi. Jumanne ndiyo siku yetu ya mbio za kasi, na huwa tunaanza saa kumi na mbili na nusu jioni ili kukwepa jua. Tulimaliza karibu saa mbili usiku, foleni ikamfikisha kwao saa tatu, akala wali maharage saa tatu na nusu, na saa nne na nusu alikuwa kitandani. Nikamwambia: kaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, tulia dakika moja, halafu weka kidole kwenye kamera ya simu upime kama tulivyozoea. Ikatoka 43. Kwa kipimo hicho cha asubuhi, ambacho alikuwa amekiandika kwa wiki sita, yeye huwa kati ya 36 na 47. Nikamwambia aje.

Namba hizo mbili hazipingani. Kila moja imejibu swali lake, na kwa mtu anayetaka kujua leo afanye nini, nashikilia kwamba swali la asubuhi ndilo lenye maana zaidi.

Moyo wenye afya haudundi kama saa ya ukutani. Pengo kati ya pigo na pigo linaweza kuwa milisekunde 1000, linalofuata 1040, kisha 1010. Kipimo kinachotumika sana, RMSSD, huangalia jinsi kila pengo linavyotofautiana na lililotangulia. Tofauti hizo za harakaharaka huletwa hasa na neva ya vagasi, ile inayoutuliza moyo. Mwili ukiwa bado na kazi mkononi, neva hiyo hulegeza mkono wake, mapigo yanakuwa mengi na mapengo yanaanza kufanana.

Sasa fikiria usiku wa binti yule. Saa za kwanza kitandani, mwili wake ulikuwa bado unapoza joto la mbio na kusaga wali. Mapigo yalikuwa juu, na HRV ilikuwa chini. Kuanzia saa nane hivi grafu yake ilianza kupanda, na kufikia saa kumi alfajiri ilikuwa mahali pake pa kawaida. Lakini wastani huchanganya saa zote hizo kwenye sufuria moja. Ile 29 ilikuwa habari ya kweli kuhusu jioni ya Jumanne, ikasomwa kama hukumu ya Jumatano. Bia mbili tatu za Jumamosi hufanya vivyo hivyo, na mwezi wa Ramadhani, watu wanapokula usiku, namba za usiku za wanakikundi wangu hushuka wiki nzima bila yeyote kuwa mgonjwa. Ndiyo maana namwambia kila mwenye saa: usiishie kwenye namba, fungua grafu. Ikianza chini ikapanda, mwili umemaliza kazi yake. Ikibaki chini mpaka alfajiri, hapo nami naingiwa na wasiwasi, na mara nyingi kipimo cha asubuhi nacho kitakuwa chini.

Kipimo cha asubuhi nacho kina udhaifu wake, nao ni kwamba kinategemea sana ulivyojiweka. Mkao ndio unaowapoteza wengi. Ukisimama kutoka kulala, zaidi ya nusu lita ya damu huteremkia miguuni na tumboni. Vihisi vya shinikizo vilivyo shingoni na kwenye mshipa mkuu juu ya moyo hugundua hilo papo hapo, vagasi hujiondoa, na mapigo huongezeka, pengine kwa kumi mpaka ishirini kwa dakika. HRV hushuka. Hujachoka, umesimama tu. Kwa hiyo anayepima leo amelala, kesho ameegemea mito, keshokutwa amesimama jikoni, anaandika daftari la mikao yake.

Mimi nasisitiza kukaa, na sababu yangu ni mzee mmoja wa kikundi, mkimbiaji wa miaka mingi, ambaye moyo wake ukipumzika hupiga mara 42 kwa dakika. Alipokuwa akipima amelala, namba zake zilikuwa za ajabu: wiki aliyochoka zilipanda, wiki aliyopumzika vizuri zilishuka. Kwa watu wa mapigo machache kama yeye, kulala chali kunaweza kuifanya vagasi ishike moyo kwa nguvu kiasi kwamba tofauti za mapengo zenyewe zinapungua, na kipimo hakioni tena. Alipoanza kukaa, mwili ukapata kazi ndogo ya kubeba damu juu, na namba zikaanza kwenda sambamba na anavyojisikia. Ila ukishakaa, subiri. Dakika ya kwanza baada ya kuinuka moyo bado unatafuta mahali pake, na ukipima hapo utapata namba ya mpito.

Kisha pumzi. Ukivuta hewa moyo huharakisha kidogo, ukiitoa hupunguza mwendo. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono uvute pumzi ndefu, utaisikia mwenyewe. Ukipumua taratibu sana, mara sita hivi kwa dakika, mawimbi hayo hukutana na mdundo wa mwili wa kurekebisha shinikizo la damu, na mapigo huyumba kwa upana mkubwa. Kijana mmoja aliyesikia kwamba pumzi ndefu hutuliza aliruka kutoka 38 hadi 61 kwa siku moja, akafurahi, akaja kukimbia kilomita 16 na uchovu wa wiki nzima mwilini. Alikuwa amepima pumzi yake. Pumzi hizo ni nzuri kwa kutulia, lakini zifanye baada ya kipimo. Wakati wa kupima pumua unavyopumua siku zote. Na kama ukijua unapimwa pumzi inakuvurugikia, fuata mwendo mmoja uleule kila siku, tuseme pumzi 12 kwa dakika, usiubadilishe.

Utaratibu wangu basi ni huu: naamka, naenda msalani, narudi kukaa kitandani kabla ya chai na kabla ya kufungua ujumbe wowote. Nasubiri dakika moja, napima nyingine moja bila kuongea wala kumeza mate. Kidole kikicheza na simu ikakosa pigo moja, mapengo mawili husomwa kama moja refu, na RMSSD hupaa. Nikiona namba ya juu isiyo na maelezo narudia kabla ya kuifurahia.

Kuna ambao siwalazimishi kupima asubuhi. Mama mwenye mtoto mchanga haamki kwa wakati wake, anaamshwa, tena akiwa tayari mbioni. Kwake wastani wa usiku, ukitazamwa kwa wiki nzima, ni bora kuliko dakika moja iliyoibwa huku mtoto analia. Ila asiulinganishe na wa jirani. Pete ya Oura huchukua usiku wote kwa RMSSD, saa ya Apple huonyesha SDNN, ambayo ni hesabu nyingine kabisa. Na mwenye mapigo yanayorukaruka bila mpangilio kwa ugonjwa wa moyo atapata namba kubwa mno, usiku na asubuhi, isiyohusiana kabisa na kupumzika. Huyo namwomba aiache saa mezani aende kupimwa moyo hospitali.