Gramu 400 zilizoandikwa kwenye kopo si za kopo

Wiki iliyopita wifi yangu alipika jamu. Resipe ilitaka nusu kilo ya matunda na sukari gramu 400. Mizani hana. Akafungua lile jedwali la vipimo ambalo kila mtu ametumiwa kwenye simu, akakuta limeandikwa: "kopo la maziwa ya unga = gramu 400". Kopo analo, na ubavuni kweli pana 400. Akalijaza sukari, akaifuta juu, akamimina kwenye sufuria. Jamu ilipopoa ikaganda, siku ya pili ikajaa chembe za sukari zinazokwaruza meno. Akanipigia simu akijilaumu kwamba ameiacha motoni mno.

Hakuiacha motoni mno. Alidanganywa na jedwali, na hilo ndilo lililonichoma.

Nilikwenda kwake tukalijaza maji kopo lile kwa chupa mpya ya mililita 500. Lilimeza chupa nzima na sehemu kubwa ya ya pili, kama mililita 900 hivi. Kisha tukachukua pakiti ya sukari ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa, tukajaza kopo tena. Pakitini kilibaki kikombe kimoja na ushee tu. Maana yake kopo lilibeba zaidi ya gramu 750, karibu mara mbili ya alichotakiwa kuweka. Zile 400 za ubavuni ni uzito wa maziwa yaliyokuwamo, na maziwa ya unga ni mepesi, yamejaa hewa. Sukari ikikaa mahali palepale huwa nzito zaidi. Kopo hupima nafasi, wala halijui lililomo lina uzito gani. Anayeandika "kopo moja ni gramu kadhaa" bila kutaja limejazwa nini hajakupa kipimo chochote.

Majedwali ya vikombe nayo yana maradhi hayohayo, tena kwenye unga wa ngano yanazidi. Kikombe chenyewe kwanza hakina ukubwa mmoja: cha Kimarekani ni kama mililita 237, cha nchi nyingi nyingine ni 250, cha Kijapani ni 200, na kile cha chai cha kwako kinaweza kufika 300 na zaidi. Lakini hata tukikubaliana kikombe ni kimoja, unga wenyewe hautulii. Ukitumbukiza kikombe kwenye mfuko na kuchota, unaushindilia. Ukiupekecha kwanza, ukaupakia kikombeni kwa kijiko polepole na kuufuta juu kwa mgongo wa kisu, unaingia mchache zaidi. Kikombe kilekile, unga uleule, mkono uleule.

Chukua mkate wa kawaida: unga gramu 500, maji gramu 325, chumvi gramu 10, hamira gramu 7. Mimi nina pakiti ya unga ya kilo 2. Nikiupakia kwa kijiko na kufuta, pakiti nzima inanipa vikombe 16 vya mililita 250. Gawa 2,000 kwa 16, kikombe kimoja ni gramu 125, kwa hiyo 500 ni vikombe vinne. Nikichota kwa kutumbukiza, pakiti ileile inaisha kwenye kikombe cha 13. Hapo kila kikombe kina karibu gramu 154, na vikombe vyangu vinne ni gramu 615. Nimeongeza unga zaidi ya gramu 100 bila kujua, na maji hayajaongezeka. Utalitambua donge hilo mikononi: ni gumu, linarudi nyuma ukilivuta, linapasuka kingoni, na mkate unatoka mzito wenye matundu madogo. Watu wengi hulaumu hamira hapo, wakati hamira haina kosa.

Kwa hiyo ninachowaomba ni kimoja: acheni jedwali la mtu mwingine, hesabuni pakiti yenu wenyewe. Kiwanda kilishaupima unga kwa mizani na kuandika uzito juu ya pakiti. Mizani unayoitafuta iko hapo. Siku unapofungua pakiti mpya, uhamishie unga kwenye chombo chake kikombe kwa kikombe, kwa namna ileile utakayochotea siku zote, huku ukihesabu. Kikombe cha mwisho kisipojaa, kadiria ni nusu au robo. Gawa uzito wa pakiti kwa idadi hiyo. Ni kazi ya dakika tano, na jibu ni la kikombe chako, unga wako na mkono wako. Ukibadilisha aina ya unga, hesabu upya, kwa sababu unga uliosagwa laini na ule wenye pumba havikai sawa kikombeni.

Ukinunua unga wa kupimiwa usio na pakiti, tumia henga ya nguo. Ining'inize mahali inapocheza huru, funga mfuko mwepesi kila upande, mifuko ya aina moja. Upande mmoja weka chupa ya maji ya mililita 500 iliyojaa, na upande wa pili weka chupa tupu ya aina ileile pamoja na unga, kidogo kidogo, hadi henga ilale sawa. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo unga ule ni gramu 500. Hiyo chupa tupu usiisahau, vinginevyo unapima na plastiki.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jedwali halina madhara kwenye maji na maziwa, maana hapo gramu na mililita karibu ni kitu kimoja. Zile gramu 325 za maji ni kikombe kimoja cha 250 na vijiko vitano vya chakula vya mililita 15. Mafuta ya kula ni mepesi kidogo, kikombe hichohicho kina kama gramu 230. Chumvi laini ni karibu gramu 6 kwa kijiko cha chai cha mfuto. Ya mawe ni pungufu, usiichanganye nayo.

Kijiko cha kupakulia ndicho nisichokiamini kabisa. Hakina ukubwa unaojulikana, na juu yake kinabeba kilima ambacho kila mtu hukijenga kivyake. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa ale "vijiko viwili vya wali", ni vijiko vya nani? Pakua kama unavyopakua siku zote, uhesabu vijiko vinavyojaza kikombe chako bila kushindilia, kisha umwambie mshauri wa lishe kwa vikombe.

Na kijiko kinachokuja ndani ya kopo la maziwa ya mtoto mchanga kisitoke humo kwenda kwenye kopo la kampuni nyingine. Kimetengenezwa kwa unga ule tu. Hapo sitaki mjadala.

Jana wifi amerudia jamu. Pakiti yake ya sukari ilimpa vikombe vinne na robo tatu, yaani gramu 210 kila kimoja. Ameweka vikombe viwili vya mfuto, akapunguza kijiko kimoja na nusu cha chakula. Ameninyima kuionja mpaka ipoe.